Video ya kuchangisha ujenzi wa nyumba ya ibada: anza na daftari, kisha shika kamera

Kuta zikishafika lenta, jengo huanza kuwapumbaza watu. Anayepita njiani anaona nafasi za madirisha, anaona milango imeshakatwa, naye anajisemea kwamba kilichobaki ni kuezeka tu. Mhazini aliyeshika daftari anajua vingine: zaidi ya nusu ya gharama bado iko mbele. Video ya kuchangisha pesa huzaliwa katika pengo hilo. Ndipo ukweli unapoweza kusemwa vizuri, na ndipo watu wengi hudanganya bila hata kukusudia.

Nimeshiriki kuandaa video hizi nikiwa katika kamati ya ujenzi. Ya kwanza tuliifanya vibaya. Tulisema jengo limefika asilimia 70, kwa sababu ndivyo lilivyoonekana. Waliochanga walitarajia ufunguzi ndani ya miezi michache. Muda huo ulipopita na ndani hamna hata sakafu, maswali yalianza, na yalikuwa ya haki. Hakuna aliyekuwa ameiba chochote, lakini tulikuwa tumetoa namba iliyopimwa kwa macho. Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na kosa hilo. Nitauonyesha kwa video ya aina moja: ya dakika nne, inayoomba pesa za hatua moja tu, yaani paa.

Kaa na mhazini kabla ya kupiga picha yoyote

Kikao cha kwanza ni cha hesabu. Chukua bajeti nzima na daftari la mapato na matumizi, kisha mtafute namba tano: zilizopokelewa, zilizotumika, mnazodaiwa, zilizobaki huru, na zinazohitajika kwa hatua inayofuata. Ahadi ziandikwe kwenye karatasi ya pembeni, zisiingie katika hesabu hii.

Tuchukue mfano. Bajeti nzima tuigawe katika mafungu 1,000, nawe utaweka sarafu yako. Msingi na jamvi vilipangiwa mafungu 190, kuta hadi lenta 240, paa 210, milango na madirisha 110, lipu, sakafu na rangi 130, umeme, maji na vyoo 60, na dharura 60.

Msingi ulikula 215, kwa sababu udongo ulikuwa laini na mtaro ukabidi uchimbwe chini zaidi. Kuta zilikula 235. Jumla ni 450, ambayo ni 20 zaidi ya mpango wa hatua hizo mbili, na hizo 20 zimetoka kwenye dharura, iliyobaki sasa na 40. Mapokezi ni 500: taslimu 482, na matofali yaliyoletwa yenye thamani ya 18. Kati ya zile 450 za matumizi, taslimu iliyolipwa ni 417, matofali ni 18, na 15 ni deni la nondo kwa mwenye duka. Kwa hiyo benki kuna 65, lakini zilizo huru ni 50 tu, maana 15 ni za mwenye duka.

Tazama tofauti hiyo ya 65 na 50. Ukiweka 65 kwenye skrini hujasema uongo, ila umeficha deni. Mtu mmoja wa duka hilo akiiona video, imani yote inaanguka. Weka 50, na utaje deni kwa sauti.

Sasa ombi lenyewe: paa ni 210, huru ni 50, pungufu ni 160. Hiyo 160 ndiyo namba pekee ambayo video inaomba. Usiombe 500 zinazohitajika hadi mwisho wa ujenzi. Namba kubwa isiyo na hatua humfanya mtu aone mchango wake ni tone, na isitoshe hutaweza kutoa hesabu yake kwa miaka. Hatua moja ina mwanzo na mwisho unaoonekana: bati la mwisho likishapigiliwa, kila mtu ataona kama mlisema kweli.

Ahadi nazo? Tuseme watu wameahidi 90. Kishawishi ni kuzipunguza kwenye 160 ili ombi liwe 70. Usifanye hivyo, kwa sababu nyingine hazitatimia na utalazimika kurudi kuomba tena hatua ile ile. Usifanye kinyume chake pia, yaani kuzitaja ahadi hadharani ili waliozitoa wabanwe.

Kuhusu asilimia, sema hivi: "Tumeshatumia asilimia 45 ya gharama yote." Namba hiyo ina daftari nyuma yake. Usiseme jengo limekamilika asilimia fulani, kwa sababu jicho na daftari havipimi kitu kimoja. Msingi na jamvi hula pesa nyingi na huonekana kidogo. Kuta huinuka haraka na kuonekana sana. Kazi za mwisho, kama lipu na mabomba, hula pesa tena huku aliye nje akiona jengo ni lile lile. Mweleze mtazamaji jambo hili kwa sentensi mbili, na utakuwa umejibu nusu ya maswali kabla hayajaulizwa.

Picha: vijiti vitatu ardhini

Maendeleo hayaonyeshwi kwa kuzungusha kamera. Yanaonyeshwa kwa kurudi mahali pale pale. Siku ya kwanza, chomeka vigingi vitatu: kimoja kwenye kona inayoonyesha kuta mbili kwa pamoja, cha pili mkabala na mlango mkuu, cha tatu ndani ya jengo. Kata mti wenye urefu wa mita moja na nusu, uegemeze simu juu yake, na simu ilale kwa upana. Piga sekunde 15 bila kusogea. Rudi kila wiki mbili, saa ile ile, jua likiwa mgongoni kwako. Faili zipewe majina yenye tarehe, kwa mfano `kona1_2025-03-14.mp4`, ili mwaka ujao usilazimike kukisia.

Kwenye simu nyingi kuna vitufe `0.5x`, `1x` na `2x`. Tumia `1x` siku zote. Kile cha `0.5x` huvuta pembeni na kuufanya ukumbi uonekane mpana kuliko ulivyo, na ukichanganya picha za `0.5x` na `1x` katika ulinganisho mmoja, jengo litaonekana limekua wakati halijaongezeka hata kozi moja. Njia rahisi ya kuwa mkweli ni kumwomba fundi asimame katika picha mahali pale pale kila mara. Mwili wa mtu ni kipimo ambacho kila mtazamaji anakijua.

Kuna picha zinazopatikana siku moja tu, kisha basi. Mtaro wa msingi kabla haujajazwa, nondo na ringi kabla zege halijamwagwa, mabomba kabla ya sakafu: hivi vyote vitafukiwa, na ndivyo vilivyokula pesa. Panga na fundi mkuu akupigie simu jioni ya siku ya kabla ya kumwaga zege. Weka futi kando ya mtaro ili kina kisomeke. Katika mfano wetu, picha ya mtaro wenye futi pembeni ndiyo inayoeleza kwa nini msingi ulikula 215 badala ya 190. Kama uliikosa, usipige picha ya mtaro wa jengo jingine. Mwache fundi aeleze kwa maneno, na uandike kwenye skrini kwamba picha ya siku hiyo haipo.

Sauti hukosewa kuliko picha. Eneo la ujenzi lina upepo, na kuta zisizo na paa hurudisha mwangwi. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, kikiwa na sponji yake, kinatosha kabisa. Usipokuwa nacho, mpeleke msemaji ndani ya gari lililofungwa vioo, arekodi maneno yake humo, kisha uyaweke juu ya picha za jengo.

Watu walio ndani ya picha

Kila anayetambulika aulizwe kabla, na aelezwe kwamba video itasambaa na kwamba hutaweza kuirudisha. Mafundi wanaolipwa wasiitwe wanaojitolea. Watoto waache nje. Kwa ajili ya paa hakuna sababu ya kutumia uso wa mtoto.

Kishawishi kikubwa ni siku ya mvua, watu wakisali chini ya turubai linalovuja. Picha hiyo itachangisha, najua. Lakini mtu aliye katika sala hakuja kuigiza shida, na wala hana nafasi ya kukukatalia. Ukitaka kuonyesha mvua, onyesha turubai likiwa tupu na maji yaliyotuama sakafuni. Hali ni ile ile, na hakuna aliyedhalilishwa.

Kuandika maneno

Kwa usomaji uliotulia mimi huhesabu maneno 100 kwa dakika. Dakika nne zingebeba 400, lakini mimi huandika 320 ili pabaki ukimya wa kuangalia picha.

Fungua kwa kigingi cha kwanza: picha nne za kona ile ile, tarehe zikiwa kwenye skrini, bila maneno, sekunde 20. Fuata na kilichofanyika, ukitoa nafasi zaidi kwa vilivyofukiwa. Kisha hesabu, na hapa usikimbie. Dakika nzima ni sawa. Mhazini mwenyewe aonekane, ameshika daftari, na namba ziandikwe kubwa, moja baada ya nyingine, kila moja ikae sekunde tano. Muziki uzimwe kabisa katika sehemu hii. Muziki unaopanda wakati namba zinatajwa unamfanya mtu ahisi badala ya kuhesabu.

Baada ya hapo igawanye gharama ya paa: mbao za kenchi 80, mabati 75, kofia, misumari na mifereji 15, ufundi 30, usafiri 10. Jumla 210. Kuwa mwangalifu na maneno "mchango wako ni bati moja". Pesa zikiingia mfuko mmoja, hakuna bati la mtu fulani. Sema "bei ya bati moja ni hii, ili upate kipimo", uishie hapo. Taja pia tarehe ambayo bei zilichukuliwa, kwa sababu bei hubadilika kabla mchango haujatimia.

Sehemu inayofuata wengi huiruka: nini kitafanyika pesa zisipotosha, na nini zikizidi. Kwa paa jibu linatokana na kazi yenyewe. Mbao zikinunuliwa mapema na kukaa juani na mvuani hupinda, kwa hiyo hamtanunua kenchi hadi fedha za mabati nazo ziwepo. Maneno yawe hivi: "Hatutaanza paa kabla ya 160 kutimia. Zikichelewa, zitabaki benki na kila mwezi tutatangaza zilipofika. Zikizidi, ziada itaingia kwenye milango na madirisha." Sentensi hizo zipitishwe na kamati kwanza na ziandikwe katika kumbukumbu za kikao. Ahadi iliyo kwenye video ni mkataba na watu usiowajua.

Kisha taja kilichokwenda vibaya. Katika mfano wetu ni zile 20 zilizotoka kwenye dharura. Mwache fundi mkuu aeleze akiwa amesimama juu ya msingi: "Tulikuta udongo hauna nguvu, tukachimba zaidi. Ndiyo maana." Kama fundi huyo ni ndugu wa mjumbe wa kamati, liseme hilo pia, na useme nani aliyelinganisha bei zake na za wengine. Likitajwa na ninyi ni taarifa. Likigunduliwa na wengine ni kashfa.

Ombi lenyewe liwe mara moja tu, mwishoni, kwa sentensi moja. Hapa ndipo shinikizo huingia, mara nyingi kwa maneno yanayoonekana mazuri. "Usiwe wewe unayechelewesha nyumba ya Mungu" ni kumtwisha mtu hatia. "Toa leo, kesho huenda usiwepo" ni kumtisha. "Wenzako wote wameshatoa" ni kumwaibisha, na mara nyingi si kweli. Kutaja majina na viwango vya waliotoa hufanya kazi hiyo hiyo kimyakimya, kwa kuwa aliyetoa kidogo hujiona ameanikwa. Kuahidi baraka za kiasi fulani kwa mchango wa kiasi fulani ni kuuza kisichokuwa chako. Maandiko yenyewe hayana utata hapa: Waraka wa Pili kwa Wakorintho 9:7 unakataa utoaji wa lazima, na Sura ya Baqara, aya ya 264, inaonya dhidi ya kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia.

Mimi hutumia sentensi hii: "Kazi ya paa itaanza mafungu 160 yakitimia, ukipenda kushiriki, namba ni hii, na usipoweza, karibu uone kazi siku yoyote." Sehemu ya pili isemwe tu kama milango iko wazi kweli na kuna mtu wa kumpokea mgeni.

Kuna jaribio ninalolifanya kila mara. Namwonyesha rasimu mtu mmoja ninayejua hana uwezo wa kutoa mwezi huo, nami namuuliza swali moja tu: umejisikiaje ilipoisha? Akisema ameona aibu, au akaanza kunieleza kwa nini hawezi kutoa, kuna sentensi inayombana. Tunaitafuta pamoja na kuiondoa. Akianza kuuliza kuhusu kenchi au bei ya mabati, video iko tayari.

Njia ya kupokea, na ulinzi wake

Akaunti iwe kwa jina la taasisi, yenye watia saini wasiopungua wawili, na asiyekuwa mmoja wao awe ndiye anayelinganisha taarifa za benki na daftari. Hili lisemwe ndani ya video.

Walaghai hupakua video kama hizi, hubadilisha namba ya mwisho na kuzisambaza upya. Huwezi kuwazuia kabisa, ila unaweza kuwatatiza. Namba isomwe kwa sauti na msemaji anayeonekana mdomo, mbali na kuandikwa kwenye skrini, kwa sababu maandishi hubadilishwa kirahisi kuliko sauti na midomo. Ibandike namba ile ile kwenye ubao ulio nje ya jengo, na uonyeshe ubao huo kwenye video. Mwambie mtazamaji alinganishe jina la akaunti kabla hajatuma.

Weka pia tarehe ya mwisho kwenye skrini: "Video hii ni ya hesabu za hadi tarehe fulani." Video haifi. Miaka miwili baada ya paa kukamilika itaibuka katika kundi fulani la simu na watu wataanza kutuma pesa za paa lililokwisha kuezekwa.

Karatasi ya ushahidi

Kabla ya kutoa, andika karatasi yenye safu tatu: dakika na sekunde, dai lililotolewa, na hati inayolithibitisha. Kwa mfano, 1:32, "deni la nondo ni 15", ankara namba fulani. 1:50, "zilizobaki huru ni 50", taarifa ya benki ya tarehe fulani ukitoa ankara ile. Dai lisilo na hati liondolewe, hata kama kila mtu ana uhakika nalo. Kisha mtu asiye mjumbe wa kamati aitazame video akiwa na faili la risiti mkononi na kusaini karatasi hiyo. Kazi hii huchukua jioni moja. Katika kila video niliyoifanya hivi, angalau namba moja ilibadilika.

Unapoonyesha daftari au risiti kwenye picha, funika majina na namba za simu za waliotoa kwa karatasi halisi kabla ya kupiga. Ukungu unaowekwa baadaye kwa programu huteleza ukurasa unapofunuliwa, na fremu moja iliyoponyoka inatosha kumwanika mtu.

Baada ya kuitoa

Isambaze mara moja, na usimtumie mtu mmoja mmoja ujumbe wa kumuuliza kama ameiona. Kila mwezi toa taarifa fupi yenye namba zile zile tano, hata kama ni mbaya: "Zimeingia 35. Bado 125. Bei ya mbao imepanda, hivyo paa sasa ni 216, na pungufu ni 131." Bei ikipanda, usingoje lengo lifikiwe ndipo utangaze lengo jipya. Hiyo huonekana kama kuhamisha goli, hata kama soko ndilo lililohama.

Lengo likitimia, simamisha ombi siku hiyo hiyo. Badilisha maelezo ya video yasomeke kwamba mchango wa paa umefungwa, na atakayetuma baadaye ajulishwe pesa zake zimeingia kwenye madirisha, kama mlivyosema. Kitabu cha Kutoka, sura ya 36, kinasimulia mafundi wa hema walivyomwambia Musa kwamba watu wanaleta kupita mahitaji, naye akatoa amri wasilete tena.

Siku paa litakapokamilika, rudi kwenye kigingi cha kwanza, saa ile ile, simu juu ya mti ule ule. Video inayofuata ianze na namba za ile ya kwanza upande wa kushoto wa skrini, na matumizi halisi upande wa kulia: mbao 80 zikawa 86, ufundi 30 ukabaki 30, usafiri 10 ukawa 8. Ombi la madirisha lisije kabla ya safu hizo mbili kuonekana hadi mwisho.